Tarehe Niliyoiacha kwenye Video ya Bourse

Uliiona. Usiniambie simu ilikuwa imezima, usiniambie mtandao ulikuwa unakatika. Uliona kichwa cha video kinasema 2025, ukaona mimi niko na shati lile lile la buluu la mwaka uliopita, na maswali ya chini ni ya watu waliokwisha kwenda chuo, ukajisemea: "Huyu muzee, mbona hii ni video ya zamani?" Kisha ukapita. Ulikuwa na haraka. Mtoto mwenye shida hakuwa wa kwako. Mtu mmoja tu alisimama akaandika, Soraya, mwanafunzi wa Kindu ambaye hata leo simjui kwa uso, na nitakueleza nilimfanya nini Soraya. Lakini sikukuiti hapa kama hakimu. Nakuita kama mtu aliyekamatwa anavyowataja wale aliokuwa nao.

Naitwa Faradji. Watu wa Kasongo wananijua kwa kelele. Shule niliiacha mwaka wa tano wa sekondari, mengine yote nilijifundisha mwenyewe, kwa redio na kwa karatasi zilizofungia sabuni sokoni. Na sisahau. Tarehe 9 Mei 2011 ofisi moja hapa kwetu ilibandika ukutani tangazo la bourse, yaani ufadhili wa masomo, na siku ya mwisho ya ile bourse ilikuwa tarehe 2 ya mwezi ule ule. Siku saba zimekwisha pita, ndipo wanabandika! Nilisimama mbele ya mlango wao siku tatu na kipaza sauti. Nilitaja majina ya vijana kumi na saba walioikosa. Niliwaita "wezi wa miaka ya watoto". Maneno hayo niliyatunga mwenyewe na niliyapenda sana.

Kwa hasira ile tulianzisha chaneli, mimi na Rachida, mwalimu wa Kifaransa. Tunafanyia kazi kwa Kamaldine, duka la fotokopi lenye sahani ya intaneti juu ya bati na betri za jua chini ya meza. Kazi tuligawana hivi: mimi uso na sauti, Rachida maandishi. Usidharau maandishi. Video ya bourse bila maandishi yake ni mtu anayepiga kelele njiani bila kusema nyumba gani inaungua. Rachida ndiye aliyeandika kichwa cha kila video, na yale maelezo ya chini: bourse ya nani, ya mwaka gani, nani anaruhusiwa, asilimia ngapi za Examen d'État, mtihani wa mwisho wa sekondari, umri gani, diplome ya mtihani huo ni ya lini, siku ya mwisho ni ipi na saa ngapi. Alikuwa anageuza mpaka saa. Kama tangazo linasema saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za Greenwich, yeye anaandika mbele: kwetu Maniema, saa nane kasoro dakika moja. Mwisho wa yote anaweka kiungo cha tangazo lenyewe na mstari huu: "Nimelisoma mimi Rachida, tarehe fulani."

Alikuwa na sheria mbili ambazo nilizicheka. Ya kwanza, kila mwaka video mpya, na ile ya zamani inaandikwa kwenye kichwa IMEPITWA. Ya pili, kama tangazo la mwaka mpya halijatoka, tunaandika "tarehe bado haijatangazwa", hata watu wakitutukana.

"Yaya Faradji," alikuwa ananiambia, yaani kaka mkubwa, "tarehe haina mazoea. Mwaka jana haiko mwaka huu."

"Mama, weye unaogopa sana karatasi."

"Siiogopi. Naisoma."

Video yetu kubwa tuliipiga Novemba 2023, kwa ajili ya bourse moja ya nje, ya masomo ya afya na kilimo, kwa usajili wa 2024. Humo ndani nilisema kwa sauti yangu, huku nimeinua kidole: "Siku ya mwisho iko tarehe makumi tatu na moja mwezi wa tatu, usilale!" Mwaka sikuutaja. Mwaka uliandikwa kwenye kichwa tu. Watu elfu thelathini na nane waliitazama. Elfu thelathini na nane! Nilitembea mjini kama mtu aliyeoa.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2024, Rachida alikuwa Kindu kwa uzazi. Tangazo la 2025 lilikuwa halijatoka. Watu wakaanza kuandika chini ya video: "Papa Faradji, tarehe?" "Papa Faradji, mwaka huu umelala?" Mmoja aliandika: "Muzee ameishiwa maneno." Mimi kuishiwa maneno! Nilijua neno la siri la chaneli. Nilijua chaneli nyingine zinafanya nini kila mwisho wa mwaka: zinabadilisha namba moja tu kwenye kichwa, video inabaki na watazamaji wake wote, inapanda tena. Ukipiga video mpya unaanza na sifuri. Nikaketi kwa Kamaldine nikafuta 4, nikaandika 5. Kwenye picha ya mbele vilevile. Kwenye maelezo nikaandika 31 Machi 2025, maana ya 2024 ilikuwa 31 Machi, na nani angeibadilisha? Masharti sikuyagusa. Na ule mstari wa mwisho, "Nimelisoma mimi Rachida", niliuacha palepale. Tarehe yake tu niliibadilisha.

Soma tena hapo. Niliweka jina la mwanamke aliyekuwa kitandani na mtoto mchanga chini ya tangazo ambalo halikuwepo duniani.

Tangazo lilitoka tarehe 14 Januari. Siku ya mwisho: 28 Februari. Asilimia zimepanda kutoka sitini na tano mpaka sabini. Na sharti jipya: diplome iwe ya 2024 tu, si ya zamani zaidi. Tarehe 20 Januari Soraya aliandika chini ya video: "Papa, soma tangazo, ni 28/2, unapoteza watu." Nilisoma neno "unapoteza" nikaona mtu anayenitafuta ugomvi. Kuna kitufe cha kumficha mtu asionekane tena kwenye chaneli yako. Nilikibonyeza. Kabla sijakibonyeza, maneno yake yalikaa pale siku mbili, na watu tisa waliyawekea alama ya kupenda. Tisa. Hakuna hata mmoja wa hao tisa aliyenipigia simu, na namba yangu iko pale pale juu.

Tarehe 18 Machi, saa nne asubuhi, pikipiki ilisimama mbele ya duka la Kamaldine. Msichana akashuka, vumbi mpaka kwenye kope, amekumbatia bahasha iliyofungwa kwenye plastiki ya unga. Alinitazama akacheka.

"Ni weye kweli! Kwenye simu uko munene zaidi."

"Kwenye simu nimekula," nikamwambia. Kamaldine akacheka, na mimi nikacheka. Nakumbuka kicheko kile.

Aliitwa Esther-Divine, binti wa Papa Gaston, mkulima wa Wamaza. Siku mbili kwenye pikipiki. Asilimia sabini na nne kwenye Examen d'État ya 2024, peke yake katika shule yao aliyepita sabini. Alitaka kusomea uuguzi wa kuzalisha, kwa sababu kwao mama akishikwa na uchungu anabebwa kwenye kiti cha miti mpaka barabarani. Alikuwa na attestation ya matokeo, cheti cha kuzaliwa, barua mbili za walimu, yote kwa mpangilio wa video yangu. Hata zile barua alizipanga kama nilivyosema, ya mkuu wa shule juu.

"Nilitaka kungoja tarehe ishirini na tano," alisema, "lakini Papa akasema mvua. Nenda mapema."

Mapema. Kamaldine alifungua ukurasa wa maombi. Badala ya fomu kulikuwa na mstari mmoja wa Kifaransa: maombi yamefungwa. Kamaldine akanigeuzia uso, mimi nikageuza kioo cha mashine kidogo ili msichana asisome.

Hapa ningeweza kusema ukweli. Ilikuwa nusu dakika ya kazi.

"Iko network," nilimwambia. "Leo ukurasa wao unasumbua. Acha karatasi hapa, tutakuingiza wenyewe. Weye rudi nyumbani, upumzike."

"Kweli, Papa Faradji?"

"Nimekuambia."

Alinishukuru kwa mikono miwili, akainama kidogo kama wanavyofanya watoto waliolelewa vizuri. Pikipiki ikaondoka. Vumbi likatulia. Kisha Kamaldine akasema, polepole, kama mtu anayehesabu risasi: "Wale wa ofisi ya 2011, Yaya. Wale walibandika tu kwa kuchelewa. Hawakumwambia mutu aende nyumbani angoje."

Rachida alirudi kutoka Kindu mwanzoni mwa Aprili. Alikuta bahasha juu ya rafu. Akauliza ni ya nani, Kamaldine akamweleza, na mimi niko pale, natazama betri. Alifungua maelezo ya video, akashuka mpaka chini, akaona jina lake.

Nilingoja apige kelele. Kelele naijua, ningejibu. Aliuliza tu: "Nani mwingine anafikiri mimi nilisoma hili?"

"Sijui."

"Elfu ngapi?"

"Elfu arobaini na moja sasa."

Nikamwambia naifuta video yote sasa hivi. Akanishika mkono. "Usifute! Ukifuta, mwenye nakala kwenye simu akija kutafuta hapa hataona kitu, atafikiri mambo iko sawa." Alibadilisha kichwa mwenyewe: USITUMIE, ILIKUWA YA 2024, TAREHE IMEPITA. Mistari miwili ya kwanza ya maelezo, ile inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kufungua zaidi, aliiandika upya hivi: Tulikosea. Siku ya mwisho ya 2025 ilikuwa 28 Februari. Picha ya mbele akaipiga mstari mwekundu. Akamtoa Soraya mafichoni, akayabandika maneno yake juu ya yote. Kisha akaniuliza yule msichana aliipata wapi video yangu, maana Wamaza hakuna mtandao wa kutazama video.

Hilo sikuwa nimelifikiri hata siku moja.

"Nenda ukaulize," alisema. "Na umwambie. Weye mwenyewe, kwa mdomo uliosema tarehe."

Nilikwenda. Njia ya Kabambare unaijua au huijui, sitakuchorea. Nilifika Wamaza siku ya tatu, siku ya soko, na kabla sijauliza kwa Papa Gaston ni wapi nilisikia sauti yangu. Kweli, sauti yangu, inatoka kwenye kibanda cha kuchaji simu: "...tarehe makumi tatu na moja mwezi wa tatu, usilale!" Mwenye kibanda, Mama Dieudonnée, alikuwa anaingiza video kwenye kadi ya simu ya mteja. Bourse, mahubiri, mpira, vichekesho, kila kitu pamoja.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Salamabila. Na Salamabila walitoa kwenu." Akanitazama vizuri. "Aa! Ni weye! Jamani, ni yeye wa bourse!"

Nikamwomba anionyeshe faili. Jina lake lilikuwa BOURSE 2025 MPYA. Ndivyo inavyokuwa: mtu akiipakua video, faili inachukua jina la kichwa. Maelezo hayaingii kwenye kadi. Marekebisho ya Rachida hayaingii kwenye kadi. Kilichosafiri mpaka Wamaza kilikuwa mwaka nilioubadilisha na sauti niliyoisema, vimeshikamana, na hakuna mtandao wa kuvitenganisha.

"Umewapa watu wangapi?"

"Nani anahesabu? Kila mwenye mutoto wa kidato cha mwisho." Akacheka. "Tunakusikia kila siku, Papa. Mpaka kuku wanaijua hiyo tarehe."

Nilimwomba aifute mbele yangu. Alifuta, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayenyang'anywa, na mteja akaondoka na kadi yake kabla sijamfikia.

Kwa Papa Gaston walinikaribisha kama mkwe. Kiti kilifutwa. Mama wa nyumba alikuwa ameshamshika kuku. Papa Gaston aliwaita majirani, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Huyu ndiye anayewapigania watoto wetu. Amekuja mwenyewe na jibu." Esther-Divine alisimama mlangoni, mikono ina unga, hacheki. Nadhani yeye alishajua. Mtu haleti habari njema kwa pikipiki siku tatu wakati kuna simu.

"Muacheni kuku," nikasema.

Nilisema yote. Ile 4 na ile 5. Jina la Rachida. Soraya. Ule uongo wa network. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri, yenye kupanda na kushuka, na kila neno lililopanda niliona aibu nikalirudisha chini. Papa Gaston alinisikiliza huku anatazama ardhi kati ya miguu yake. Akauliza neno moja tu, kwa upole ambao ningependa kupigwa kuliko kuusikia:

"Kwa hiyo siku alipofika kwenu, mambo ilikuwa imekwisha?"

"Siku kumi na nane."

"Na wakati ule, weye ulijua."

"Nilijua."

Majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga, kama watu wanaotoka msibani wasikochangia. Mmoja alisema akiwa ameshanipa mgongo: "Hata hawa wa kelele ni vilevile." Nilimsikia. Alitaka nimsikie.

Esther-Divine aliuliza: "Sharti la diplome linasemaje?"

"Mwaka huu, ya 2024 tu."

"Ya kwangu ni ya 2024."

"Ndiyo."

"Basi ulikuwa ndio mwaka wangu."

Nikaharakisha kusema: mwaka kesho wanaweza kubadilisha, wanaweza kupokea za miaka miwili, kama zamani, usikate...

"Umelisoma?" alinikatiza.

"Nini?"

"Tangazo la mwaka kesho. Umelisoma?"

"Halijatoka."

"Basi mbona unasema tena?"

Nikaanza kuomba msamaha. Alinizuia kwa ule mkono wenye unga. "Usiniombe miye hapa ndani. Tarehe uliisema mbele ya watu wote. Nenda useme pale." Kisha akaingia ndani, na nikasikia anatwanga.

Sikulala Wamaza. Nililala barabarani, kwa mtu asiyenijua, na nilifurahi kwamba hanijui.

Tulipiga video mpya, na sasa mwaka nautamka kwa mdomo kabla ya jina langu: "Hii ni ya usajili wa mwaka fulani tu, mwaka mwingine usiitumie." Siku ya mwisho naitamka na mwaka wake, ili hata ikifungiwa kwenye kadi isiweze kujivika mwaka mwingine. Hiyo ni sheria ya tatu, na ni Rachida aliyeitunga. Jina lake haliandikwi tena mpaka awe ameketi mwenyewe mbele ya mashine. Neno la siri amelibadilisha. Mimi silijui, na sikuuliza.

Tangazo la 2026 limetoka. Rachida amelisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mimi na Kamaldine tunasikiliza. Siku ya mwisho: 15 Februari 2026. Diplome: ya 2025 tu.

Nilimpigia Esther-Divine. Simu ilipitia kwa baba yake. Nilisema tarehe, nilisema sharti, sikuongeza kitu. Nikasikia kuku na mtoto anayelia kwa mbali.

"Kumi na tano ya mwezi wa pili," alirudia.

"Ndiyo."

"Papa Faradji, kuna mwenzangu hapa, Clémentine. Amepata sabini na moja mwaka huu. Anajitayarisha kwa mwezi wa tatu. Yeye iko na ile faili yako. Wameibadilisha jina. Sasa inaitwa BOURSE 2026."

Sikuibadilisha mimi. Mtu wa Salamabila, au wa kibanda kingine, ameona mwaka umekwisha naye akafanya nilichofanya. Esther-Divine alikwenda kumwambia Clémentine siku ile ile, kwa miguu. Lakini Clémentine ni mmoja. Faili iko Nyangwe, iko machimboni, iko kwenye simu za watu ambao sitawafikia hata nikipanda pikipiki mpaka meno yaishe, na katika kila moja mimi nimeinua kidole nasema mwezi wa tatu.

Kwa hiyo sasa ni weye. Shati la buluu, kidole juu, sauti yangu. Fungua simu yako, nenda kwenye video ulizopewa, itafute. Jina lisikudanganye, tazama shati. Ifute. Kisha mpigie aliyekupa, na wale uliowapa, uwataje mmoja mmoja, uwaambie: tarehe 15 Februari 2026, diplome ya 2025 tu, asilimia sabini na kuendelea. Wasiniamini mimi, waende kwenye tangazo lenyewe. Na kama una chaneli, au kibanda, au hata kundi la watu kumi na wawili kwenye simu, na kuna tarehe ndani yake ambayo hukuisoma kwa macho yako mwaka huu, iondoe kabla hujafanya kazi nyingine yoyote. Usiseme kesho. Futa sasa.